Somo la Kulala na Kulaza

Habari za kifo cha dada yangu Ikupa nilizipata kwenye baraza la duka la Bwana Himmat, Iringa, nilikokwenda kununua chaki za rangi. Jailos, dereva wa lori lililokuwa likileta mchele kutoka Mbeya, alikuwa amekaa kwenye ngazi akifuta uso kwa kofia. Aliponiona alisimama, na mimi nikajua, kwa sababu Jailos hakuwa mtu wa kusimama kwa ajili ya mtu yeyote.

"Asukile," alisema, "nimetumwa kwako. Kaa kwanza."

Sikukaa. Akaniambia nikiwa nimesimama.

Bwana Himmat alitoka na mto wa kiti akauweka kwenye baraza, kisha akaona haufai akaurudisha ndani. Alinipa chaki, akamwambia Jailos anipakie mbele, siyo juu ya magunia. Mwaka ule, hamsini na saba, nilikuwa katika mwaka wangu wa mwisho chuo cha ualimu, baada ya kumaliza darasa la kumi. Ilibaki kazi moja tu: somo la mwisho la majaribio mbele ya mkufunzi, katika shule ya mazoezi iliyokuwa jirani na chuo, Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ofisi ya chuo iliniruhusu niende, ila ikasema tarehe haibadiliki.

Njia ile nilikuwa nimeipita mara nyingi, lakini safari hiyo siikumbuki vizuri. Nakumbuka tulisimama Igawa, Jailos akaninunulia ndizi za kuchoma, nikazishika mkononi mpaka zikapoa. Nyumbani Rungwe tulifika Ikupa amekwisha kuzikwa. Wamama walikuwa wamekaa chini, miguu imenyooshwa, na mama yangu katikati yao hakuinua kichwa. Walinionyesha udongo. Nilisimama pale, nikatazama, nikarudi nikakaa na wanaume. Sikulia. Watu walisema shule imenikausha.

Ikupa ndiye aliyenilea mama alipokuwa shambani. Hakujua Kiingereza, lakini nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa nikizunguka jikoni nikikariri, naye akipuliza moto. "Lie, lay, lain," nasema mimi. "Lay, laid, laid." Yeye anacheka mpaka moshi unamwingia. "Mganga wa wapi huyu? Lai, lei, leini! Ukimwagulia mtu hivyo si atakufa?" Baadaye akawa ananiita hivyo mbele ya wenzangu: Bwana Leini. Mumewe, Msangu wa Igawa, alikwenda machimboni Makongolosi akapotelea huko, naye Ikupa akarudi kwetu na binti mdogo, Tupokigwe. Alipoanza kuumwa kifua aliniambia mtoto nimchukue mimi. Nikakubali, kama mtu anavyokubali jambo la mbali.

Sasa halikuwa mbali tena. Usiku wa pili wa matanga, baba mdogo Sedekia, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba afariki, aliniita uani.

"Mama yako hawezi kulea tena," alisema. "Na watu wa Igawa wametuma mtu. Wanamtaka mtoto wao."

"Baba, Ikupa alisema nimchukue mimi."

"Umchukue umpeleke wapi? Kwenye bweni? Wewe mwenyewe unalala juu ya mwingine kama magunia ya karanga."

"Nikifaulu nitapewa kituo na nyumba ya mwalimu."

"Ukifaulu." Alitema mate pembeni. "Basi ukija mwisho wa mwezi na karatasi ya kituo, mtoto ni wako. Usipokuja nayo, wale nitawapa. Siwezi kuwazungusha watu na damu yao."

Kule Igawa nilikujua. Hakukuwa na binti wa nyumba ile aliyewahi kupelekwa shule. Nikamwambia kwamba basi itanibidi niondoke kabla ya kutawanya matanga, ili niiwahi Ijumaa.

"Mtoto wa kiume kuacha matanga ya dada yake," alisema baba mdogo, "sijawahi kuona. Nenda. Mimi nitawaambia watu una homa."

Niliondoka alfajiri. Tupokigwe alikuwa amelala kwenye mkeka kati ya wamama, kidole mdomoni, ingawa alikuwa mkubwa wa kutosha kuacha jambo hilo. Sikumwamsha.

Nilifika chuoni Alhamisi jioni. Mwenzangu alikuwa amenishikia darasa la saba siku zote hizo, nami nilikuwa nimemwachia kazi tayari. Somo nililopangiwa lilikuwa lile ambalo kila mwalimu wa Kiingereza alilikwepa: vile vitenzi sita vinavyofanana viwili viwili. Lie na lay, sit na set, rise na raise. Nilikuwa nimeandika jedwali ubaoni, kila kitenzi na sura zake tatu: ya sasa, ya jana, na ile inayofuata neno has au have. Watoto walikuwa wakiliimba kila asubuhi, wakipiga meza kwa vidole:

"Lie, lay, lain! Lay, laid, laid! Sit, sat, sat! Set, set, set! Rise, rose, risen! Raise, raised, raised!"

Waliimba vizuri kuliko kwaya. Na nilikuwa nimewaandikia sentensi kumi na nane zenye nafasi za kujaza. Kwa uvivu, au kwa kuchoka, sijui, nilikuwa nimezipanga kama jedwali lilivyopangwa, kuanzia lie mpaka raised. Mwenzangu aliniambia hawakosi hata moja. Nililala kwenye kitanda changu na viatu.

Asubuhi nilipofika darasani nilidhani nimekosea mlango. Mabenchi yote yalikuwa yamesukumwa ukutani, na watoto wamekaa chini, sakafuni, kimya, wavulana upande huu na wasichana wachache upande ule. Waliponiona walisimama wote pamoja.

"Kamwene, mwalimu," walisema, salamu ya Kihehe, bila kupaza sauti kama siku nyingine. Kisha wakakaa tena chini.

Kiranja wao, Yotamu, mvulana mrefu wa kuongea sana, alikuwa ameinamisha macho. "Tumesikia, mwalimu. Tumekuja kukaa na wewe."

Ndivyo walivyofanya watu wote kwenye nyumba yenye msiba: huji na maneno, unakuja, unakaa chini, inatosha. Hakuna aliyewatuma. Nilitaka kuwaambia asanteni. Wakati nimesimama hivyo, mkufunzi akaingia.

Mwalimu Liberatus alikuwa mwenyeji wa Iringa, mtu mfupi, safi, na suruali yake fupi ya kaki ilipigwa pasi mpaka ungeweza kukatia mkate. Wanachuo walimwogopa. Alisimama mlangoni akatazama mabenchi, akawatazama watoto, akanitazama mimi.

"Hii ni nini?"

"Mwalimu amefiwa, bwana," alisema Yotamu.

Mkufunzi alivua kofia. Kwa muda mfupi sana nilifikiri atakaa chini na wao. Kisha akaivaa.

"Pole yangu nitaitoa baada ya somo," alisema. "Asiyekaa kwenye benchi haandiki. Inueni mabenchi, rudisheni."

Wakayarudisha. Mkufunzi akakaa nyuma, daftari juu ya goti, na mimi nikaanza.

Jedwali waliliimba. Mkufunzi aliitikia kwa kichwa kidogo, si vibaya. Nikawapa sentensi zangu, wakaja ubaoni mmoja mmoja, wakajaza: lie, lay, lain, mpaka chini, bila kusita. Msichana mmoja, Marta, alijaza yake hata kabla sijamaliza kuisoma. Nikafikiri: karatasi ya kituo ipo.

Mkufunzi akasimama, akaja mbele, akachukua chaki mkononi mwangu.

"Tuone na zangu," alisema. Akaandika sentensi sita, kila moja na nafasi yake:

The cow has ___ under the tree since noon.
Please ___ the lamp on the table.
The price of salt has ___ again.
Yesterday the hen ___ two eggs.
Yesterday the old man ___ in bed all day.
The headman ___ his hand and we kept quiet.

"Vitenzi ni vilevile sita," alisema. "Jazeni."

Wakaja sita, wakajaza. Lie. Lay. Lain. Lay. Laid. Laid. Wakarudi wakakaa, wameridhika, kama watu waliomaliza kupalilia mstari.

Niliutazama ubao. Hawakuwa wamesoma hata neno moja. Walikuwa wamehesabu. Nafasi ya kwanza, neno la kwanza la wimbo. Nafasi ya pili, la pili. Ndivyo nilivyowafundisha, wiki nzima.

"Ng'ombe has lie," alisoma mkufunzi polepole. "Bei ya chumvi has lain, imelala chini ya mti pamoja na ng'ombe. Hii ya taa, please lay the lamp, ingekaribia kupita, ila taa mmeilaza ubavu na mafuta yamemwagika. Na huyu mzee." Aligonga sentensi ya tano kwa kidole. "Jana mzee laid kitandani kutwa. Laid nini? Kuku ndiye mwenye mayai, sentensi ya juu. Mzee naye ametaga?"

Darasa lilicheka. Marta alijificha uso. Mkufunzi hakucheka. Alinirudishia chaki, akaangalia saa yake, akarudi nyuma akaandika kitu kirefu katika daftari lake.

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuweza hata kuogopa. Nilichukua dasta nikafuta jedwali lote, watoto wakaguna kama nimewavua nguo. Kisha nikakaa. Mwanachuo haruhusiwi kukaa wakati wa somo la majaribio, na nilikaa, kwenye kona ya meza.

"Yotamu," nilisema. "Nilipoingia asubuhi mlikuwa wapi?"

"Chini, mwalimu."

"Kwa Kiingereza."

"We... sat on the floor."

"Kuna mtu aliwaweka pale?"

"Hapana, mwalimu, tulikaa wenyewe."

"Basi hicho ni sit. Mtu anakaa mwenyewe, hakuna kinachowekwa. Na mabenchi? Yalitembea yenyewe mpaka ukutani?"

Kicheko kidogo. "Hapana. Tuliyaweka sisi."

"Nini mliweka?"

"Mabenchi."

"Kama ukiuliza 'nini' na jibu lipo, ni kitenzi cha upande wa pili. Sema."

"We set the benches against the wall," alisema Marta.

"Jana pia ni set?"

"Set, set, set," alisema, na safari hii hakuimba, alifikiri.

"Mliponiona?"

"We rose."

"Mliinua nini?"

"Hakuna, mwalimu. Tuliinuka."

"Na bwana alipowaambia mrudishe?"

"We raised the benches!" Yotamu alisema kwa nguvu, akamtazama mkufunzi kama aliyemkamata. "Kuinuka, rise. Kuinua, raise. Kumbe ni kama yetu!"

"Ni kama yetu," nilisema. "Kulala na kulaza."

Nikajua nimefika mahali nilipokuwa nikipazunguka. Jozi mbili zilikwisha; ilibaki ya kwanza, ngumu kuliko zote, kwa sababu lay ya sasa na lay ya jana ya kulala zina sura moja. Nilitafuta mfano. Ng'ombe, kitabu, mtoto kwenye mkeka. Hakuna uliokuja. Watoto walikuwa wananitazama, nami nikaona wengi wao walikuwa wanafikiri jambo moja na wanaona aibu kulisema.

Nikasimama nikaandika, huku nikisoma kila neno.

"They laid my sister in the ground. Walimlaza. Nani?"

"Dada yako," walisema kwa sauti ya chini.

"Kwa hiyo laid. Mimi nilikuwa njiani, kwenye lori. Siku ile yote yeye alikuwa amelala pale." Niliandika: "I was on the road, and she lay there."

"Siyo laid, mwalimu?" aliuliza Marta.

"Alilaza nini?"

Alifikiri. "Hakuna. Alilala tu."

"Basi ni lay. Ni ya jana, ya kulala." Nikaendelea, mkono ukaandika wenyewe: "When I came, she had lain there for a night. Baada ya had, lain. Na leo, wakati tunaongea hapa?"

Nikasema mwenyewe. "She lies there."

Nilikuwa sijaitamka sentensi ile kwa lugha yoyote. Nyumbani kila mtu aliitamka mbele yangu na mimi nikanyamaza. Niligeukia ubao nikafanya kama nanyoosha herufi, na chaki ikakatika.

Kisha nikasikia benchi linasogea. Yotamu alikuja mbele bila kuitwa, akachukua dasta, akafuta majibu ya zile sentensi sita za mkufunzi, akampa Marta chaki. Ng'ombe, lain. Mwingine akaweka set kwenye taa. Kwenye bei ya chumvi yule aliyekuja aliandika raised, akauliza mwenyewe "imeinua nini?", akafuta, akaandika risen. Kuku akapata laid. Mzee akapata lay. Sentensi ya mwisho mvulana aliandika rose his hand, na kabla sijamrekebisha kengele ikalia. Kwenye mlango, mtoto mmoja wa mwisho aligeuka akauliza kwa nini basi jua likizama husemwa the sun sets, wakati jua haliweki kitu. Nilimwambia hilo ni la peke yake, linakaririwa tu. Akatoka ameridhika nusu.

Mwalimu Liberatus alibaki amekaa. Nilienda nikasimama mbele yake.

"Pole," alisema, akavua kofia, na sasa hakuivaa. "Alikuwa mkubwa wako?"

"Ndiyo, bwana. Alinilea."

"Ulikaa matanga?"

"Sikumaliza."

Alishikashika ukingo wa kofia. "Nikuambie ukweli. Nusu ya kwanza ya somo hili nilikwisha kukuangusha. Nilikwisha kuandika. Watoto wako walikuwa kasuku. Nusu ya pili..." Alitazama ubao. "Nusu ya pili haimo katika andalio lako, na ulikaa juu ya meza. Lakini walielewa. Sasa mimi sipendi kumpima mtu aliye msibani. Kwetu hatufanyi hivyo, na ningejua hujamaliza matanga nisingekubali uje. Nenda nyumbani. Kaa na watu wako. Muhula ujao utafundisha tena somo hilihili kwa darasa jingine, mabenchi yakiwa mahali pake, na naamini utapata alama ya juu. Mwenye alama ya juu anachagua kituo. Utachagua kwenu Rungwe."

Alidhani ananipa zawadi, na ilikuwa zawadi. Mama yangu alikuwa Rungwe. Lakini muhula ujao ulikuwa baada ya mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi watu wa Igawa wangekuja.

"Na ukinihesabia hili la leo, bwana?"

"Likihesabiwa, umefaulu kwa alama ya chini kabisa. Alama hiyo haichagui. Inapelekwa pale ambapo wengine wamekataa. Mwaka huu ni Chunya."

"Nihesabie."

"Fikiri, kijana. Chunya ni vumbi na mashimo ya dhahabu. Utakaa huko miaka."

"Kuna mtoto," nilisema, nikamweleza kwa maneno machache. Na jambo la pili nililisema pia, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuchagua la kusema: "Na sentensi zile, bwana, siwezi kuziandika tena mbele ya darasa jingine. Leo zimetoka. Sina nyingine."

Kisha akafungua daftari, akakata mstari juu ya yale marefu aliyoandika, akaandika tarakimu ndogo chini yake, akaweka sahihi. Mlangoni alinishika bega, kidogo tu, kama mtu anayeangalia kama rangi imekauka.

Baba mdogo Sedekia aliisoma karatasi ya kituo huku ameishika mbali na macho. Aliisoma mara mbili.

"Chunya," alisema. "Umeacha matanga kwa ajili ya Chunya."

"Nyumba ipo, baba."

"Huko hata maji hakuna. Mtoto atakunywa nini?"

"Nitakachokunywa mimi."

Mama yangu, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alisema neno lake la kwanza kwangu tangu msiba. "Mpe mtoto. Alishasema mwenye mtoto."

Baba mdogo aliikunja karatasi, akanirudishia. Jioni hiyo alimtuma mtu Igawa na kuku wawili, na maneno mazuri ambayo sikuambiwa.

Tulipanda lori la Chunya, mimi na Tupokigwe, amevaa gauni la mama yake lililokatwa. Njia nzima vumbi lilitufanya sote wawili wa rangi moja. Hakuuliza kitu mpaka tulipoanza kushuka upande wa joto na miti ikawa michache.

"Mjomba, huko kuna shule ya wasichana?"

"Kuna shule. Wasichana na wavulana pamoja."

"Mwalimu ni nani?"

"Ni mimi."

Alinitazama kwa mashaka, kama anayepima mfuko wa chumvi. "Unachapa?"

"Nimechoka mno kuchapa," nilisema.

Alionekana kulifikiria jambo hilo. Kisha akaegemea mkono wangu, akafumba macho, na mimi sikuusogeza mkono mpaka Chunya, ingawa ulikufa ganzi.